Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: sifuri tatu katika Jedwali la 2

Kwa Mkurugenzi wa Taasisi,
na kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti,
Mombasa.

Waheshimiwa,

YAH: KUSAHIHISHWA KWA MAKALA YA MALEMA YENYE MWANYA

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni yule mtafiti msaidizi aliyewaandikia mara tatu kuhusu makala ya msimamizi wangu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba "imepokelewa". Ya tatu ilirudishwa kwa msimamizi huyohuyo ninayemlalamikia, naye akaniita ofisini akiwa ameishika mkononi. Baada ya hapo sikuona mlango mwingine wa kubisha, ndiyo maana leo nabisha hadharani. Sitataja jina lake wala la taasisi. Mnaohusika mnajijua, na wasiohusika hawana haja ya majina ili waelewe hesabu.

Niwakumbushe kazi yenyewe, kwa kuwa kamati ina faili nyingi. Tulitega malema 62, ile mitego ya kunasia samaki, upande wa Likoni: 31 ya kawaida na 31 yaliyoachwa mwanya mwembamba pembeni ili samaki wachanga wapate kutoka. Kila lema lilihesabiwa mara moja tu. Mvuvi analiinua, sisi tunamwaga samaki kwenye beseni, tunampima kila mmoja kwenye ubao, na tunaandika wangapi ni wachanga na wangapi wamefikia ukubwa wa kuzaa. Ilikuwa kusi, bahari imechafuka, na malema mengine hatukuyaona tena. Matatu ya kawaida yalipotea, na matatu yenye mwanya pia. Kwa hiyo yaliyoinuliwa ni 28 kila upande, na makala inasema hivyo hivyo: 28 na 28.

Mambo yanayonisumbua ni haya.

1. Wastani ambao hauwezi kuwapo

Sikuanza kwa kutafuta kosa. Nilitumwa peke yangu dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, na bango la Kiswahili la kuwaeleza wavuvi matokeo yetu. Nilivuka na feri ya asubuhi nikiwa nimelikunja bango kwapani, nikalitundika kwenye mti wa mkungu ambapo wazee hukaa kushona nyavu, nikaanza kusoma: lema la kawaida, wastani wa samaki 9.43, lema lenye mwanya, wastani wa samaki 5.19.

Mzee mmoja, nahodha ambaye malema kumi kati ya yale yalitegwa kwa mtumbwi wake, aliniinulia mkono. "Mwanangu, huo wastani wako mimi siujui. Nambie jumla. Mliinua malema ishirini na nane, mlipata samaki wangapi?"

Bango halikuwa na jumla. Nikatoa simu nikazidisha 5.19 kwa 28. Kioo kikaniandikia 145.32.

"Mia moja arobaini na tano," nikasema, "na... kama theluthi hivi."

Wakacheka wote. Mzee hakucheka. Akauliza kwa upole kabisa, "Na hiyo theluthi ya samaki aliila nani?"

Nilijibu kwamba ni mambo ya kukadiria desimali, nikakunja bango. Kwenye feri ya kurudi nilirudia hesabu, nikaona jibu nililompa mzee si la kweli. Samaki huhesabiwa mzima mzima. Jumla yake haina budi kuwa namba kamili: kama ni 145, ukigawa kwa 28 unapata 5.18. Kama ni 146, unapata 5.21. Hakuna namba kamili kati ya 145 na 146, kwa hiyo kwa malema 28 hakuna njia ya kufika 5.19, ukadirie juu au ukadirie chini. Nikajaribu wastani wa samaki wachanga wa upande huohuo, 1.87. Wachanga 52 wanatoa 1.86, na 53 wanatoa 1.89. Nao haupo.

Upande wa malema ya kawaida kila kitu kilikaa sawa. Samaki 264 kwa 28 ni 9.43, na wachanga 171 kwa 28 ni 6.11. Kosa lilikuwa upande mmoja tu wa jedwali.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba hesabu niliyoifanya kwenye feri ina jina. Inaitwa GRIM, na walioieneza ni Nick Brown na James Heathers mwaka 2016. Waliipitisha kwenye makala 71 za saikolojia zilizofaa kupimwa hivyo, na karibu nusu yake zilikuwa na wastani angalau mmoja usiowezekana. Haihitaji programu wala ruhusa ya mtu. Inataka mambo mawili: vitu vinavyohesabiwa vizima, na idadi ndogo ya vipimo, chini ya 100 ikiwa wastani umeandikwa kwa desimali mbili. Ukiwa na malema 28, kati ya samaki 5 na samaki 6 kuna wastani 28 tu unaoweza kutokea, ilhali jedwali lina nafasi ya kuandika 100. Anayebuni au kukosea anaangukia pasipo na kitu mara nyingi kuliko anavyodhani.

Lakini waheshimiwa, GRIM haisemi nani kafanya nini. Inasema tu kwamba wastani huu na idadi hii havikutoka kwenye hesabu moja. Ama wastani umekosewa, ama 28 si 28. Nikaamua kuifuata hiyo 28. Nilijaribu kila idadi kuanzia 17 kwenda juu, nikitafuta itakayokubali 5.19 na 1.87 kwa pamoja. Kumi na saba ilikataa, ikakataa kumi na nane, na zote zilizofuata zikakataa hadi nilipofika 31. Hapo zikakubali zote mbili bila kusukumwa: samaki 161, wachanga 58.

Thelathini na moja ndiyo idadi ya malema tuliyotega. Siyo tuliyoinua.

2. Sifuri tatu

Sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi.

Nilifungua lahajedwali la mradi, ambalo bado nilikuwa na ruhusa ya kuliingia, nikaandika chini ya kila safu:

```
=COUNT(C2:C32)
=COUNT(D2:D32)
```

Safu ya C, malema ya kawaida, ilijibu 28. Safu ya D, yenye mwanya, ilijibu 31. Nikapanda juu mstari kwa mstari. Kwenye safu ya C, malema matatu yaliyopotea yalikuwa na seli tupu. Kwenye safu ya D, matatu yaliyopotea yalikuwa na 0.

Kwa asiyetumia lahajedwali, tofauti ni hii. Ukimwambia `AVERAGE`, seli tupu anairuka kana kwamba haipo, lakini sifuri anaihesabu kama lema lililoinuliwa likakutwa halina hata samaki mmoja. Samaki 161 wanapaswa kugawanywa kwa malema 28, na wastani unakuwa 5.75. Ukiongeza malema matatu ya hewa, wanagawanywa kwa 31, na unapata ile 5.19 yetu. Sehemu ya mbinu iliandikwa kutoka kwenye daftari la dikoni, ndiyo maana ikasema 28. Jedwali lilitoka kwenye lahajedwali, na lahajedwali lilihesabu 31. Vitu viwili vilivyoandikwa mahali pawili, na hakuna aliyeviweka kando kwa kando.

Sasa kuhusu nani aliandika sifuri hizo. Ni mimi.

Safu ya C iliingizwa na mwenzangu aliyenitangulia kwenye mradi. Safu ya D niliiingiza katika wiki yangu ya pili kazini. Kwenye daftari, lema lililoinuliwa bila samaki limeandikwa "tupu", na lema lililopotea limeandikwa "halikuonekana". Mimi niliona yote mawili ni hakuna samaki. Seli ikibaki wazi ilionekana kama kazi niliyoisahau, na sikutaka mtu aone nimesahau kitu. Nikaweka 0. Nakumbuka hata siku yenyewe, kwa sababu umeme ulikatika nikarudia ukurasa mzima.

Kwa hiyo siwaandikii nikiwa msafi. Kosa la kuingiza ni langu na nilimwambia msimamizi wangu siku niliyoligundua. Ninalolalamikia ni yaliyofuata.

3. Namba mbili zilizofanana kupita kiasi

Mtu anaweza kusema sifuri tatu ni jambo dogo. Wastani wa 5.19 na wa 5.75 si mbali, na hoja kuu ya makala, kwamba mwanya unapunguza samaki wachanga wanaonaswa, inabaki palepale. Ni kweli, na nitakuwa wa kwanza kukiri: wachanga 171 upande mmoja na 58 upande wa pili ni tofauti ambayo sifuri tatu haziwezi kuifuta.

Ila makala haikusifiwa kwa hilo, maana lilikuwa likijulikana. Ilisifiwa kwa safu ya mwisho, ya samaki wakubwa. Kawaida, 3.32. Mwanya, 3.32. Sawa kwa sawa hadi desimali ya pili. Msimamizi wangu aliipenda sana hiyo safu, akaiweka kwenye muhtasari, akaiweka kwenye ombi la fedha la awamu inayofuata: mvuvi hapotezi hata samaki mmoja mkubwa, wala hapati wa ziada.

Usawa huo umetengenezwa na sifuri zangu. Upande wa kawaida, samaki wakubwa walikuwa 93, ukigawa kwa 28 ni 3.32. Upande wa mwanya walikuwa 103, ukigawa kwa 31 ni 3.32 tena, kwa bahati tu. Wagawe kwa malema 28 yaliyoinuliwa kweli, unapata 3.68. Malema yenye mwanya yalileta samaki wakubwa kumi zaidi ya yale ya kawaida.

Sidai kwamba mwanya unaleta samaki wakubwa zaidi. Tofauti ya kumi kwa malema 28 inaweza kuwa ni bahari tu, na yeyote aliyewahi kukaa dikoni anajua lema moja likiangukia kundi la tafi linavyoweza kugeuza hesabu ya wiki nzima. Ninachodai ni kwamba ile "sawa kwa sawa" haikutoka baharini. Na hapa GRIM yenyewe ilinipa funzo: 3.32 inapita jaribio, kwa kuwa 93 kwa 28 inawezekana. Namba iliyokosewa ilipita kwa sababu tu iligongana na namba ya jirani yake. Ningelipima safu hiyo peke yake nisingeona kitu.

Wavuvi nao walisomewa hiyo 3.32. Wale samaki wachanga tunaowaita hasara ya bahari ni kitoweo cha nyumbani, ndio wanaokaangwa jioni baada ya wakubwa kuuzwa. Mvuvi aliposikia kwamba atapoteza kitoweo na kwa samaki wa kuuza hataongeza chochote, alifanya hesabu yake akakataa kutoboa malema yake. Huenda angekataa hata kwa 3.68. Lakini angekataa kwa namba ya kweli.

4. Nilivyojibiwa

Nilimwendea msimamizi wangu kwanza, ofisini, mlango umefungwa, na daftari la dikoni mkononi. Nilimweleza theluthi ya samaki. Alitabasamu.

"Binti yangu, makala haibomoki kwa theluthi ya samaki."

Nikamwonyesha sifuri. Akavaa miwani, akatazama kioo muda mrefu. Nina hakika alielewa kabla sijamaliza kueleza, kwa sababu yeye mwenyewe alishika kipanya akafuta zile sifuri tatu, akaona 3.32 inageuka 3.68, kisha akabonyeza kurudisha. Zikarudi. Akasema, "Unajua faili hili linaonyesha nani aliandika seli hizi?"

"Najua, Daktari. Ni mimi."

"Basi ukiliomba lifunguliwe, litafunguka na jina lako."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na nadhani alijiona ananilinda. Amenifundisha mengi na sina kinyongo naye. Ndiye aliyenifundisha kumpima samaki bila kumvunja mkia. Lakini kuanzia siku hiyo ruhusa yangu ya kuingia kwenye lahajedwali iliondolewa, na bango langu lilipelekwa madiko mengine likiwa vilevile, na 3.32 zake mbili. Mkataba wangu ulipofika mwisho haukuongezwa. Sisemi ni kwa sababu ya hili. Fedha za mradi zilikuwa zinaisha kwa wengi. Nalitaja ili msije mkalisikia kwanza kwa mtu mwingine.

Waheshimiwa, najua mtakayoambiwa, kwa kuwa mengi nimeshaambiwa mimi.

Mtaambiwa ni kukadiria desimali. Namba ziko hapo juu, mtoto wa darasa la saba anaweza kuzirudia kwa simu.

Mtaambiwa makala ilipita kwa wahakiki wawili. Wahakiki walipewa jedwali, hawakupewa daftari. Kulikuwa na njia ya kuligundua kwa jedwali peke yake, na hawakuipita; hata mimi mwandishi wa sifuri sikuipita mpaka mzee wa dikoni aliponiuliza jumla.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na ni msimamizi wangu aliyeniambia siku ya barua ya tatu: lema lililopotea halikumpa mvuvi kitu, kwa hiyo sifuri ni haki yake. Nimeifikiria hoja hii kwa siku nyingi. Ni halali, kama swali letu lilikuwa mvuvi anapata nini kwa kila lema analotega, hasara ya kupotea ikiwa ndani. Lakini hapo mambo mawili yanafuata. Idadi inapaswa kuandikwa 31, siyo 28. Na malema ya kawaida yaliyopotea nayo yapewe sifuri zake. Ukifanya hivyo, samaki wakubwa upande wa kawaida wanashuka hadi 3.00, na upande wa mwanya wanabaki 3.32. Chagua kanuni yoyote unayoitaka, tupu kote au sifuri kote: usawa ule haurudi. Unapatikana kwa njia moja tu, nayo ni kutumia kanuni mbili kwenye jedwali moja.

Na mwisho mtaambiwa kwamba kosa ni la msaidizi. Ni kweli. Siku nilipoandika sifuri lilikuwa kosa langu. Siku zilipofutwa zikarudishwa, mimi sikuwa nimeshika kipanya.

Ninayoomba

Kwanza, daftari la dikoni na lahajedwali vilinganishwe na mtu asiye wa mradi huu. Ni mistari 62. Ni kazi ya asubuhi moja. Naomba niwepo, au kama hilo ni gumu, nipewe nakala ya matokeo.

Pili, mhariri wa jarida aandikiwe ndani ya siku 30, aelezwe kilichotokea na apewe jedwali sahihi. Siombi makala iondolewe. Miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo majarida mengi huifuata, inatenganisha kosa la bahati mbaya linalogusa sehemu ya kazi na kazi isiyoaminika kwa ujumla: la kwanza hutolewa sahihisho, la pili ndilo hufutwa. Hili letu bado linaweza kuwa la kwanza, ikiwa litasahihishwa na wenyewe. Katika sahihisho hilo iandikwe wazi kwamba sifuri ziliingizwa na msaidizi. Jina langu mnalo, lichapisheni.

Tatu, ombi la fedha lililojengwa juu ya ile 3.32 lifuatishiwe barua kwa wafadhili kabla halijaamuliwa.

Nne, mtu arudi madikoni na namba sahihi, kwa Kiswahili, na safari hii bango liwe na jumla. Nitakwenda mwenyewe kwa nauli yangu mkiniruhusu. Yule nahodha bado ananidai jibu la swali lake, na kila nikipita Likoni huwa nachungulia kama yuko chini ya mkungu ili nipite upande wa pili.

Daftari lenyewe, msije mkaambiwa limepotea, nilikabidhi kwa sahihi kwa mtunza vifaa siku yangu ya mwisho. Ni lile la jalada la bluu lililofungwa kwa raba, liko ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu lililowa siku ya tatu ya kutega. Kurasa za malema yenye mwanya zina alama ya maji pembeni lakini zinasomeka. "Halikuonekana" limeandikwa mara tatu, kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa mwenzangu.

Wenu katika kazi,

Aliyekuwa mtafiti msaidizi,
Mradi wa malema yenye mwanya, Mombasa.

Nakala: mhariri wa jarida, kamati ya wavuvi ya diko.